Baba wa bibi harusi kapewa dakika saba za sendofu, aseme nini?

*Kaka, salaam. Mimi ni Mpare wa Same, nina miaka 59, fundi magari hapa Dar, naishi Tabata. Binti yangu wa kwanza ana sendofu wiki tatu zijazo na ndoa kanisani Jumamosi inayofuata, anaolewa na kijana Mchaga wa Marangu, kijana mzuri tu. Emsii kanipa dakika saba za nasaha mbele ya watu 250. Mimi sio mtu wa maneno kabisa, halafu mama yake alifariki 2019, kila nikishika kalamu naishia kulia. Kaka yangu mkubwa anasema nimwambie binti avumilie na asirudi nyumbani, na mkwe nimwambie akikosewa amchape kidogo ila asimuumize. Shemeji zangu wao wanataka nivunje watu mbavu. Mimi nataka watu wacheke kidogo, mwanangu abarikiwe, na aondoke na neno litakalomfaa. Niseme nini, na nisemeje?*

Kaka, pole sana kwa kuondokewa na mama watoto, na hongera kwa kumfikisha huyo binti hapo alipofika. Mimi nimeshaaga mabinti watatu na nimekaa kwenye kamati za sendofu nyingi, nimesikia nasaha za baba nzuri na mbaya, kwahiyo nakuandikia nilichokiona kwa macho yangu na chini huko nitakuwekea mfano mzima wa hotuba uufanye wako.

Tuanze na hizo dakika saba maana watu wengi zinawadanganya. Wewe andika hotuba ya dakika tano tu. Zile mbili zinaliwa na vigelegele, kicheko, kutembea hadi kwenye maiki na wewe kumeza mate. Dakika tano kwa mwendo wa ukumbini, yani taratibu, ni kama maneno mia nne hadi mia nne hamsini hivi, kurasa mbili za daftari kwa mwandiko wa kawaida. Binti yangu wa kwanza nilimwandikia kurasa sita. Nilipofika ya nne dijei akaweka mziki kwa chini, emsii akaanza kusema "asante sana baba", na ile ya sita ndiyo ilikuwa na baraka. Mwanangu aliondoka bila baraka ya baba yake hadharani, nikaja kumpa chumbani kesho yake asubuhi, na mpaka leo inaniuma. Kwahiyo kurasa mbili, basi.

Halafu kuna jambo moja la utaratibu ambalo wazee wanalishika na akina baba wa mjini tunalisahau. Sendofu ni kuaga, sio kukabidhi. Kijana siku ile amekuja kama mgeni wako, binti bado ni wako, anarudi kulala kwako. Kumkabidhi ni Jumamosi kanisani utakapomshika mkono hadi mbele. Sasa baba akisimama sendofu akasema "leo nakukabidhi mke wako mchukue", utasikia minong'ono kwenye meza ya wazee, na wana haki. Wewe tumia neno namuaga, na hilo neno litakusaidia sana kwenye ile sehemu ngumu nitakayokuja kuisema.

Sasa kicheko. Wewe una bahati kubwa ambayo baba wengine hawana, kwamba unamuoza kwa watani. Mpare na Mchaga wametaniana tangu enzi za mababu, mpaka misibani wanataniana, kwahiyo ukumbi mzima utakuwa umekaa mkao wa kusubiri baba Mpare aanze. Huna haja ya kutunga vichekesho, vipo tayari, Mpare na kesi zake na makande yake, Mchaga na duka lake na ndafu yake. Ila kuna namna ya kutania. Anza na kwenu. Ukijipiga wewe Mpare kwanza, wale wa Marangu wanacheka bila wasiwasi, ukigeuza upande wao wanakuwa wameshalegea. Ukianza na wao moja kwa moja, hata kama ni utani, bibi mmoja kule nyuma asiyekujua anakunja uso.

Na utanie kabila, usitanie mtu. Mama yake bwana harusi asitajwe, mwili wa binti usitajwe, wanaume waliowahi kuja kuuliza kabla ya huyu wasitajwe hata kwa mafumbo, na kupika kwake usikutanie. Mahari ndio kabisa, usiiguse, iwe imeisha au imebaki. Nimemsikia baba mmoja akisema kwa kucheka "tumemsomesha kwa gharama, mkwe risiti tunayo", ukumbi ulicheka sana, lakini kwenye ndoa ile neno risiti lilirudi kila walipogombana, mume anamwambia mkewe baba yako mwenyewe alisema nimekununua. Yule mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Shida ni kwamba kicheko cha ukumbini kinarekodiwa kwenye simu hamsini na kinaenda kukaa ndani ya nyumba ya watu wengine. Kabla ya siku msomee mama mdogo wa binti huo utani, mwambie afumbe macho ajifanye yeye ndiye mama wa bwana harusi, akisita hata kidogo futa.

Vichekesho viwili au vitatu mwanzoni vinatosha, usichekeshe hotuba nzima. Shemeji zako wanataka emsii wa pili, ila emsii mmeshamlipa.

Baada ya kicheko weka hadithi moja ya huyo binti. Nasema moja, tena ndogo, ya kitu alichokifanya akiwa mtoto ambacho wewe tu ulikiona. Usiseme ni mtiifu, ana heshima, mchapakazi, hayo yanasemwa kila sendofu na hakuna anayeyasikia. Wewe ni fundi magari, binti kakulia pembeni ya gereji, lazima kuna siku moja unaikumbuka, kaa ukumbuke mpaka uone hata nguo aliyovaa. Hiyo hadithi inafanya kazi mbili kwa mpigo, inamwambia binti kwamba baba alikuwa anamuona, na inamwambia mkwe ni mtu wa namna gani anaingia nyumbani kwake, bila wewe kumsifia hata neno moja.

Sasa tuje kwa kaka yako mkubwa, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Neno vumilia mimi sina ugomvi nalo kama linasemwa chumbani na shangazi zake, wanajua wanaongelea nini, kama ni mume kununa au wifi mwenye mdomo. Likisemwa na baba kwenye maiki mbele ya watu 250 linageuka kufuli. Binti atakuwa na shida ya kweli siku moja saa nane usiku, atakumbuka sura yako ukisema usirudi, na hatapiga simu. Nimeshakaa kwenye kikao cha familia moja ambapo binti alikuwa amekaa na maumivu miaka minne, alipoulizwa kwanini hukusema akajibu baba alisema siku ya sendofu tusionane na mabegi. Baba yake alilia pale. Alikuwa amelisema lile neno kwa mazoea tu, kwa sababu na yeye alilisikia kwa mababa wengine.

Na lile la kumchapa kidogo, kaka, hata kama linachekesha meza ya wazee, usilitamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, mume kwa mke wala mke kwa mume. Kwahiyo ukisimama ukatoa ruhusa unatoa kitu ambacho huna, na kijana wa watu aliyekuja na nia safi unampa kisingizio ambacho hakukiomba. Kaka yako mpe heshima yake, mwambie utamwita asimame nawe wakati wa baraka, hapo ndipo mkubwa wa ukoo anapohitajika, na atatulia.

Unachoweza kusema badala yake ni maneno mawili yanayokaa pamoja: ugomvi wa kawaida mmalize wenyewe, na hatari usiisubiri. Yote mawili lazima yasemwe. Ukisema la kwanza peke yake umerudi kwenye vumilia, ukisema la pili peke yake wakwe watasikia kama unawatuhumu mtoto wao kabla hajakosa. Na useme kwa upole bila kumnyooshea mkwe kidole, angalia binti yako unapolisema.

Kuhusu mama yake. Usiache kumtaja kwa kuogopa kulia maana kila mtu pale atakuwa anamfikiria, ukimruka ukumbi mzima utabanwa. Ila usimweke mwisho. Baba wengi wanamweka marehemu mwishoni, wanalia, hotuba inakatikia hapo na baraka haitoki. Mweke katikati, baada ya ile hadithi, sentensi tatu tu, halafu mtaje aliyebaki kuwa mama kwa huyo mtoto, asimame apigiwe vigelegele, hapo machozi yanapata njia ya kutokea na wewe unapata nafasi ya kupumua. Wakati unazisema hizo sentensi usimwangalie binti, angalia karatasi au ile taa ya nyuma ya ukumbi. Mkiangaliana mmekwisha wote wawili.

Halafu baraka, ambayo ndio mwisho na ndio yenyewe. Baraka iwe na vitu vinavyoonekana. Ukisema Mungu akupe kila la heri hiyo ni kadi ya dukani. Sema hela, mlango, afya, watoto, uzee. Na kwa watoto angalia, sisi wazee tunapenda kusema uzae mapacha mwakani, halafu mtoto akichelewa yale maneno yanakuwa jiwe kifuani kwa huyo dada, kila shangazi anamuuliza baba alibariki imekuwaje. Mbariki pia kwa upande wa kuchelewa.

Na kwa kuwa anaenda Marangu, kuna kitu cha kule kizuri sana unaweza kukitumia, jani la isale. Wachaga wanalipanda kwenye mipaka ya kihamba, yani shamba la ukoo, na mtu akikosa analichukua anampelekea aliyemkosea kuomba msamaha, kukataa isale ni jambo zito kwao. Mpare akisimama akalitaja isale kwa heshima, wale wazee wa Marangu watakaa sawa kwenye viti, wataona umewajua.

Huu hapa mfano. Ile hadithi ya tochi utakayoikuta humo ni ya kutunga, toa uweke yako ya kweli, la sivyo binti atajua.

"Wazee wangu, wakwe zetu kutoka Marangu, wageni wote, karibuni. Wakwe, najua mmekuja na wasiwasi kidogo, maana mnaoa kwa Wapare, na sisi mtu akichukua kuku wetu tunauza ng'ombe tukafungue kesi. Sasa nyie hamjachukua kuku. Msiogope, makabrasha ya kesi tumeyaacha Same, leo tumekuja na makande tu. Na sisi tuna wasiwasi wetu. Tumeambiwa Mchaga akifika mahali siku ya kwanza anasalimia, siku ya pili anafungua duka. Mkwe wangu, ukifungua hilo duka, huyu mtoto ndiye akae kwenye droo ya hela, ni Mpare, haitapotea hata shilingi.

Mwanangu. Ulikuwa na miaka tisa. Umeme ulikatika nikiwa chini ya gari ya mteja anayesafiri alfajiri. Ukanishikia tochi kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tano. Nikakwambia nenda kalale, ukasema baba nikiondoka utaionaje nati. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini mwanga haukuhama. Mkwe wangu, huyo ndiye ninayemuaga leo. Siku ukiwa gizani atakushikia tochi. Ninachokuomba na wewe ujue kuishika, kuna siku yeye ndiye atakuwa chini ya gari.

Mama yako angekuwepo, angeongea yeye na mimi ningekaa kimya kama kawaida yetu. Ulivyokaa hapo leo umekaa kama yeye. Mama mdogo, tangu 2019 umekaa kwenye kiti chake bila kuombwa, simama tukuone, asante sana.

Wanangu, mtagombana, hilo msishangae. Mkigombana msitupigie simu usiku ule ule, pigeni kesho yake, mtakuta nusu ya maneno mmeyasahau. Mkwe, kwenu kuna isale. Lipandeni mlangoni, na wote wawili mjue kulichuma. Lakini mwanangu, ukiona umeanza kuogopa kulala ndani ya nyumba yako, hiyo usisubiri kesho. Geti la Tabata unajua linavyofunguka. Hujafukuzwa, umeagwa.

Kaka yangu mkubwa, naomba usimame na mimi. Wanangu, pigeni magoti. Mbele ya Mungu na mbele ya wazee hawa, mimi baba yako nakubariki. Mlango wako ugongwe na wageni, usigongwe na wadai. Hela mtakayoipata isiishie kwenye dawa. Mzae, na mkichelewa kuzaa asitokee mtu wa kuwauliza. Mkipata mkumbuke mlikotoka, mkikosa mkose mkiwa pamoja. Mzeeke hadi mfanane sura. Jumamosi nitakushika mkono nikukabidhi kanisani. Leo nakuaga kwa furaha. Amina."

Umeona hapo, yote hayo yanakaa ndani ya dakika tano, na mengine yatarefuka yenyewe kwa kicheko. Ile sentensi ya hujafukuzwa umeagwa iseme taratibu halafu kaa kimya uhesabu moja hadi tatu kimoyomoyo. Usiijazie maelezo, usiseme "sio kwamba mkwe ni mtu mbaya", ukianza kujitetea umeiharibu.

Kwenye karatasi yako usiandike hotuba yote neno kwa neno halafu uisome kama taarifa ya habari. Andika utani kwa maneno machache ya kukukumbusha tu, kuku, duka, droo. Hadithi unaijua, andika neno tochi. Ila sehemu ya mama, sehemu ya geti na baraka andika kamili kabisa, maana hapo ndipo koo litabana na kichwa kitafutika. Andika kwa kalamu nyeusi nene, herufi kubwa. Sio bluu wala nyekundu, hizi kumbi zina taa za rangi zinazozunguka, kalamu ya rangi inafanana na rangi ya taa na maandishi yanapotea mbele yako. Na usitegemee simu, itajifunga katikati au itaingia meseji ya mchango. Miwani ya kusomea weka mfuko wa shati kabla hujatoka nyumbani.

Mwite emsii wiki moja kabla, umuombe mambo mawili. La kwanza, nasaha yako iwe kabla ya chakula, baada ya utambulisho na keki. Ikija baada ya chakula utaongea na migongo, watu wako kwenye foleni, sahani zinagongana, na wazee wa mbali wameshaanza kuondoka. La pili, zawadi ya wazazi isitangazwe ndani ya hotuba. Ukisema tu "na sisi wazazi tumekuandalia kabati", dijei anafungulia mziki, akina mama wanainuka na vitenge, na baraka imezikwa hapo. Maliza hotuba, kaa, zawadi ije na muda wake. Mwambie pia dijei asikuwekee ule mziki wa huzuni kwa chini wakati unaongelea marehemu, mwambie asiweke mziki wowote.

Mazoezi fanya kwa sauti, sio kwa kusoma kimoyomoyo. Nenda gereji jioni vijana wakishaondoka, washa kinasa sauti cha simu, simama, sema yote. Mara ya kwanza utalia kwenye sehemu ya mama na hutamaliza, ndio maana nakuambia uanze leo, wiki tatu zinatosha. Lia hapo gereji. Kufikia mara ya saba au ya nane utaona unapita, sauti inatetemeka lakini inapita. Sikiliza rekodi uangalie muda, ikizidi dakika tano na nusu punguza utani, usipunguze baraka.

Na siku yenyewe koo likibana, utalijua, linaanza kama kitu kimekaa nyuma ya ulimi na sauti inapanda juu yenyewe. Usilazimishe kuongea juu yake. Shusha maiki, vuta pumzi kwa pua, kunywa maji, muombe mtu akuwekee glasi mezani karibu, maji ya kawaida yasiwe ya baridi sana. Usiombe radhi, usiseme samahanini. Watu watapiga makofi au watanyamaza, wote wawili wanakusubiri, hawana haraka. Ukiona kabisa haiendi, ruka mbele hadi baraka, kaka yako atakuwa ameshasimama pembeni yako na anajua afanye nini, ndio maana nimekwambia umwite. Mpe nakala ya ile aya ya mwisho kwenye mfuko wake, mwambie wewe ukikwama yeye asome.

Maiki ishike chini ya kidevu, umbali wa ngumi moja, na usisogee mbele ya spika, itapiga mluzi. Pombe kaa nayo mbali mpaka umalize, hata ile glasi moja ya kujipa moyo.

Kimoja cha mwisho. Ukimaliza na umewainua pale walipopiga magoti, mkumbatie binti kwanza, halafu mkwe, usimruke mkwe hata kama macho yamejaa, halafu tembea hadi meza ya wakwe uwape mikono wazee wote wawili kabla hujarudi kukaa. Ile karatasi usiitupe, mpe mama mdogo amuwekee binti kwenye begi lake.